Shifti Ikivuka Saa Mbili: Kukokotoa Posho ya Usiku Saa kwa Saa

Kiwanda kinachoendesha mashine usiku na mchana huwagawa watu wake katika shifti tatu, na kila shifti hupewa jina: ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Majina hayo yana kazi yake. Yanamsaidia msimamizi kupanga rosta na yanamsaidia mfanyakazi kujua aage nyumbani saa ngapi. Balaa huanza pale jina linapotoka kwenye rosta na kuingia kwenye hesabu ya mshahara. Mfungashaji wa kike aliyeingia saa 8 mchana na kutoka saa 4:30 usiku huuliza habari ya posho ya usiku, naye anajibiwa dirishani: “Dada, wewe ulikuwa shifti ya mchana. Hiyo ni ya wenzako wa usiku.” Anaondoka akiamini ameelezwa sheria. Alichoelezwa ni jina la shifti tu.

Sheria ya Tanzania Bara haijui shifti ya usiku. Inajua saa za usiku. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinaanza kwa kusema usiku ni nini: ni saa zilizo baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi. Kisha kinamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi usiku, na kama saa hizo ni za ovataimu, asilimia 5 hiyo ikokotolewe kwenye kiwango cha ovataimu. Neno la kushika hapo ni “kila saa”. Hakuna mahali kifungu kinaposema zamu iwe imelala zaidi ya nusu ndani ya usiku, wala kwamba ianze usiku ndipo ihesabiwe. Saa mbili na nusu za yule mfungashaji, kuanzia saa 2 hadi saa 4:30, zimo ndani ya usiku kama zilivyo saa za mwenzake aliyekesha.

Kabla ya kushika kalamu, msomaji ajue hesabu hii inamhusu nani. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo yanayofuata ni ya Bara. Na hata Bara, masharti ya saa za kazi hayamgusi mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa juu. Meneja wa uzalishaji hatadai kwa njia hii. Mfungashaji, fundi, mhudumu wa hoteli na mlinzi watadai.

Mipaka ya usiku ndiyo inayowapotosha wengi, na chanzo ni lugha yetu wenyewe. Mswahili anasema “saa moja usiku”, na kweli Dar es Salaam jua huwa limeshazama saa hiyo mwaka mzima. Lakini saa 1 usiku si usiku wa kisheria. Bado saa nzima. Kwa upande wa pili, tunasema “saa kumi na moja alfajiri”, jogoo amewika, daladala zimeanza kupita, nasi tunaona usiku umekwisha. Kisheria haujaisha mpaka saa 12 asubuhi. Basi anayehesabu aweke pembeni giza, adhana na majina ya nyakati, achore mstari mmoja kwenye karatasi. Kwenye mstari huo aweke alama mbili tu, saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kisha aweke saa aliyoingia na saa aliyotoka. Sehemu ya zamu iliyoangukia katikati ya alama zile mbili ndiyo anayoitafuta.

Tuukamilishe mfano wa mfungashaji wetu. Kiwanda chake kina shifti tatu zinazopishana kwa nusu saa ili watu wakabidhiane mashine. Ya asubuhi ni saa 12 kamili hadi saa 8:30 mchana. Ya mchana ni saa 8 hadi saa 4:30 usiku. Ya usiku ni saa 4 usiku hadi saa 12:30 asubuhi. Kila shifti ina saa moja ya mapumziko isiyolipwa, kwa hiyo kazi yenyewe ni saa 7 na nusu kwa siku, na kwa siku sita za wiki ni saa 45, ambacho ndicho kikomo cha saa za kawaida kwa wiki. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Juu ya hapo anapata posho ya usafiri ya shilingi 60,000.

Hatua ya kwanza ya hesabu ni kupata thamani ya saa moja. Posho ya usafiri inakaa nje, kwa sababu sheria inapoeleza mshahara wa msingi inaondoa posho, malipo ya ovataimu, malipo ya nyongeza ya Jumapili na sikukuu, na nyongeza ya kazi ya usiku yenyewe. Inabaki 390,000. Jedwali la Kwanza la sheria hiyo linaelekeza kuwa kwa anayelipwa kwa mwezi, mshahara ugawanywe kwa 4.333 mara idadi ya saa anazofanya kazi kwa kawaida kila wiki. Namba 4.333 haina uchawi: ni wiki 52 za mwaka zikigawanywa kwa miezi 12. Kwa saa 45 tunapata 194.985, ambayo makarani wengi huikadiria kuwa 195. Gawanya 390,000 kwa 195, jibu ni shilingi 2,000 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 100.

Hapa pana shimo dogo ambalo watu huanguka bila kujua. Namba 195 imezoeleka sana hata mtu huitumia kwa kila mfanyakazi, lakini ni ya wiki ya saa 45 tu. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa mshahara uleule wa 390,000 anagawiwa kwa 173.32, na saa yake inafika karibu shilingi 2,250. Asilimia 5 yake ni 112.50, si 100. Akihesabiwa kwa 195 anapunjwa kwenye posho ya usiku, na anapunjwa zaidi kwenye ovataimu. Kwa hiyo kabla ya kugawa, fungua mkataba uone saa za wiki zimeandikwa ngapi, na usiingize humo saa ya mapumziko isiyolipwa.

Turudi kwenye shifti ya mchana. Mfungashaji anaingia saa 8, anafanya kazi saa tano, anakwenda kula saa 1 hadi saa 2 usiku, kisha anarudi mashineni mpaka saa 4:30. Mapumziko yameangukia kabla ya alama ya saa 2, kwa hiyo hayapunguzi kitu katika saa za usiku. Zinabaki saa 2 na nusu, na 2.5 mara shilingi 100 ni shilingi 250 kwa shifti. Hizo ni za juu ya mshahara wake, kwani ile saa ya kazi imeshalipwa ndani ya 390,000. Sheria yenyewe inaiita nyongeza. Kuna waajiri waliowahi kudhani kuwa asilimia 5 tayari imo ndani ya mshahara wa mwezi kwa sababu “mkataba unasema kazi ni ya shifti”. Ikiwa kweli imo, ionekane imetajwa kivyake na kwa kiasi chake. Isipotajwa, fasili ya mshahara wa msingi yenyewe inaitoa nje.

Shifti ya usiku nayo, kinyume na inavyodhaniwa, haimo yote ndani ya usiku. Inaanza saa 4 usiku, hapo hakuna tatizo, lakini inaisha saa 12:30 asubuhi, na nusu saa ya mwisho ya makabidhiano iko nje ya alama ya pili. Tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 8. Mapumziko ya saa moja, tuseme ni saa 8 hadi saa 9 usiku, yameangukia ndani, na kwa kuwa hayalipwi na mfanyakazi yuko huru kulala au kutoka nje, si saa “aliyofanya kazi usiku”. Zinabaki saa 7. Posho ni shilingi 700 kwa shifti. Mwajiri anayelipa shifti nzima, yaani saa 7 na nusu kwa shilingi 750, amelipa zaidi ya kiwango cha chini, na hakuna ubaya. Sheria imesema “angalau”. Ubaya ni pale ukarimu wa shilingi 50 kwa shifti moja unapofunika upungufu wa shilingi 250 kwa shifti nyingine.

Mapumziko yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndiyo yanayobadilisha jibu kimyakimya. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo tayari kwa kazi katika muda huo. Mlinzi wa lango aliye peke yake ni mfano mzuri. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, na rosta inaonyesha “mapumziko saa 6 hadi saa 7 usiku”. Lakini anakula huku mkono mmoja uko kwenye kitasa cha geti, gari la bosi likipiga honi ainuke. Hakupumzika huyo. Saa ile inalipwa, na kwa kuwa iko katikati ya usiku, inabeba asilimia 5 yake. Saa zake za usiku ni 10 kamili, za saa 2 hadi saa 12, na saa mbili za mwanzo, za saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, hazina posho.

Na mwenye shifti ya asubuhi asijitoe haraka kwenye hesabu hii. Akiingia saa 12 kamili, hana saa ya usiku hata moja. Lakini mahali pengi fundi huagizwa afike saa 11:30 alfajiri kuwasha boila au kupasha mashine moto ili saa 12 uzalishaji uanze. Nusu saa hiyo ni kazi, na iko kabla ya saa 12 asubuhi. Kwa kiwango cha mfano wetu ni shilingi 50 kwa siku, na kama saa zake za wiki zimeshatimia 45 bila hiyo nusu saa, basi ni ovataimu ya usiku kabla jua halijachomoza.

Ovataimu ndiyo sehemu ambayo hesabu inahitaji mpangilio, kwa sababu saa zilezile zinaweza kuwa za usiku bila kuwa za ziada, au za ziada bila kuwa za usiku, au vyote viwili. Kiwango cha chini cha ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kwa mfungashaji wetu ni shilingi 3,000. Asilimia 5 ya hiyo ni shilingi 150, si 100.

Tuseme usiku mmoja mwenzake wa shifti ya usiku hakufika, naye akakubali kubaki mpaka saa 7 kamili usiku. Chora mstari tena. Saa 8 mchana hadi saa 1 usiku ni kazi ya kawaida, mchana wa kisheria: saa 5. Saa 1 hadi saa 2 ni mapumziko. Saa 2 hadi saa 4:30 ni kazi ya kawaida ndani ya usiku: saa 2 na nusu. Saa 4:30 hadi saa 7 ni kazi ya ziada ndani ya usiku: saa 2 na nusu nyingine. Sasa kila kipande kinachukua kiwango chake. Usiku wa kawaida ni 2.5 mara 100, yaani shilingi 250. Ovataimu yenyewe ni 2.5 mara 3,000, yaani shilingi 7,500. Asilimia 5 juu ya ovataimu ni 2.5 mara 150, yaani shilingi 375. Kwa siku ile, juu ya mshahara wake wa kawaida, anastahili shilingi 8,125, na ndani yake posho ya usiku peke yake ni shilingi 625.

Makosa ya hapa yako ya aina mbili, na kila moja huacha alama inayoonekana kwenye slipu ya mshahara. La kwanza ni kutumia shilingi 100 kwa saa zote tano za usiku; posho inatoka 500 badala ya 625. La pili ni kusema “ameshalipwa moja na nusu, usiku umemezwa humo”. Hapo saa za ovataimu zinakosa posho kabisa na inabaki 250 tu. Sheria imelitamka jambo hili waziwazi, kwamba asilimia 5 inapanda juu ya kiwango cha ovataimu, kwa hiyo halina mjadala.

Mfano huu umepangwa uishie saa 7 kwa sababu. Kutoka saa 2 usiku hadi saa 7 ni saa tano mfululizo. Ingezidi, angestahili mapumziko mengine. Na kutoka saa 7 usiku hadi saa 8 mchana wa kesho ni saa 13, huku kiwango cha kawaida cha mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine kikiwa ni saa 12. Angebaki mpaka saa 9 usiku, posho ingeongezeka lakini kesho yake hakupaswa kurudi saa 8. Karani anayeona kwenye rosta kwamba mtu ametoka saa 9 na kuingia saa 8 asiishie kukokotoa. Hapo kuna tatizo ambalo pesa haiwezi kulitibu.

Kuna pia makubaliano ya wiki iliyobanwa, ambayo kifungu cha 21 kinayaruhusu yakiwa ya maandishi: mtu anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, mapumziko ya chakula yakiwa ndani yake, bila kulipwa ovataimu kwa saa za siku hiyo, ilimradi asizidi siku tano wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Makubaliano hayo yanaondoa ovataimu ya siku. Posho ya usiku inabaki palepale, kwa kuwa usiku haukubanwa.

Sasa tuone mwezi unavyoonekana. Tuchukue wiki nne: mfungashaji amefanya wiki moja asubuhi, wiki mbili mchana na wiki moja usiku, siku sita kila wiki, na ule usiku mmoja wa kubaki ulikuwa katika wiki ya mchana. Wiki ya asubuhi haileti kitu. Shifti 12 za mchana kwa shilingi 250 ni shilingi 3,000. Shifti 6 za usiku kwa shilingi 700 ni shilingi 4,200. Nyongeza ya usiku wa ovataimu ni 375. Jumla ni shilingi 7,575. Kiwanda kinacholipa kwa jina la shifti kingempa shifti sita za usiku kwa 750, yaani shilingi 4,500, basi. Tofauti ni shilingi 3,075 kwa wiki nne, na hiyo ni baada ya kiwanda kuwa kimezidisha shilingi 300 kwenye zile shifti za usiku. Mtu mmoja ataiona ni nauli ya siku chache. Lakini rosta inayozunguka inamgusa kila mtu aliye kwenye laini ya uzalishaji, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo sababu inafaa kuipigia hesabu.

Wengine hulipwa posho ya usiku kwa mkupuo, kiasi kilekile kila mwezi. Njia hiyo si haramu, lakini ina kipimo chake: hesabu saa halisi za usiku za kipindi kile, zidisha, kisha linganisha. Mwajiri anayelipa asilimia 5 ya mshahara wote wa mwezi, hapa shilingi 19,500, amelipa kana kwamba saa zote 195 zilikuwa za usiku, na mfungashaji wetu hana la kudai kwenye saa za kawaida. Anayelipa shilingi 5,000 kwa mkupuo anaweza kuwa sawa katika wiki nne zenye shifti nyingi za asubuhi na akawa na upungufu katika wiki nne kama hizi zetu. Mkupuo unafaa pale tu usiposhuka chini ya hesabu ya saa katika kipindi chochote. Vivyo hivyo kwa mkataba wa hali bora unaosema posho ni asilimia 10 lakini “usiku” wake unaanza saa 4. Kukokotoa kwa njia zote mbili ndiko kutaonyesha kama mfanyakazi amepewa zaidi au amepunjwa: asilimia 10 kwa saa 7 za shifti ya usiku ni shilingi 1,400, zaidi sana ya 700, lakini kwa shifti ya mchana ni nusu saa tu, yaani shilingi 100 mahali pa 250. Mkataba unaruhusiwa kuongeza juu ya sheria. Hauruhusiwi kuzipunguza saa ambazo sheria imezitaja.

Anayetumia kompyuta kwa kazi hii hukutana na vizuizi viwili. Cha kwanza ni saa yenyewe. Rosta ikiandikwa “2:00” mmoja anasoma saa mbili usiku ya Kiswahili, mwingine anasoma saa nane, na programu haijui Kiswahili. Andika saa zote kwa mtindo wa saa 24: saa 2 usiku ni 20:00, saa 4:30 usiku ni 22:30, saa 7 usiku ni 01:00. Cha pili ni usiku wa manane. Shifti iliyoanza 22:00 na kuisha 06:30 inatoa jibu hasi ukitoa moja kwa moja, na makarani wengine “hurekebisha” kwa kufuta ile alama ya kutoa, wakapata saa 15 na nusu. Kama saa ya kuingia iko kwenye A2 na ya kutoka iko kwenye B2 katika Excel, fomula hii inatoa saa zilizo ndani ya usiku tu:

```
=24*(MAX(0,MIN(B2+(B2<A2),30/24)-MAX(A2,20/24))+MAX(0,MIN(B2+(B2<A2),6/24)-A2))
```

Seli ya jibu iwekwe kuwa namba ya kawaida, si saa. Ijaribu kwanza kwa majibu unayoyajua: 14:00 hadi 22:30 itoe 2.5, 22:00 hadi 06:30 itoe 8, 05:30 hadi 14:00 itoe 0.5. Fomula haijui mapumziko, kwa hiyo saa ya mapumziko isiyolipwa iliyo ndani ya usiku itolewe kwa safu nyingine, na ndiyo maana shifti ya usiku ya mfano wetu inashuka kutoka 8 hadi 7.

Dakika nazo zina hila yake. Saa 2 na dakika 30 si 2.30, ni 2.5. Dakika 45 ni 0.75. Anayeandika 2.30 kwenye hesabu anampunja mtu dakika 12 kila shifti, na kosa hili ni rahisi kuligundua: posho ya shifti moja ya mchana itasomeka 230 mahali pa 250. Ukiona 200 kamili, ujue nusu saa imetupwa. Sheria haikumpa mwajiri ruhusa ya kutupa kipande cha saa. Nusu saa ya kazi ni nusu ya shilingi 100.

Mfanyakazi anayeshuku slipu yake aanze na daftari, si na ugomvi. Kila siku aandike tarehe, saa aliyoingia, mapumziko yalianza na kuisha saa ngapi, saa aliyotoka, na nani alimwomba abaki. Shifti inayoanza tarehe 31 na kuisha tarehe 1 aiandike kwenye tarehe iliyoanza, na aangalie kwamba mhasibu naye anafuata mtindo mmoja, kwa sababu shifti ya mwisho wa mwezi ndiyo hupotea kati ya karatasi mbili. Mwisho wa kipindi ajumlishe saa za usiku za kawaida mahali pake na za ovataimu mahali pake, kisha aende dirishani na jumla hizo mbili. Swali la kumwuliza mhasibu ni fupi: “Kaka, mwezi huu umenihesabia saa ngapi za usiku?” Akijibu kwa idadi ya saa, mnaweza kulinganisha madaftari. Akijibu kwa idadi ya shifti, umeshajua kosa liko wapi.

Isipotatuliwa hapo, tawi la chama ndilo linalofuata, na kwa viwandani mara nyingi hilo ni tawi la TUICO, kwa sababu kosa la aina hii huwa la watu wengi na hurekebishwa kwa barua moja ya wote. Baada ya hapo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako mgogoro huanzishwa kwa fomu CMA F.1. Muda wa kupeleka mgogoro usiohusu kuachishwa kazi ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, kwa kanuni za mwaka 2007. Mfungashaji wetu akigundua pungufu la shilingi 3,075 kwenye slipu ya mwisho wa Machi, na mhasibu akamwambia siku hiyohiyo ya tarehe 31 kwamba hatamlipa, siku ya sitini kwake itakuwa tarehe 30 Mei.